Kwa nini asali tumeitoa: barua kwa wateja wetu wa kwanza hapa Tabora

Wateja wetu wapendwa,

Ninyi mlionunua vikopo vya mwanzo mnaijua ile lebo ya njano iliyoandikwa "Mafuta ya Nta na Asali". Mzigo wa sasa lebo yake inasema "Mafuta ya Nta" basi. Wapo walioniuliza kwa upole, na wapo waliokuja juu: inakuwaje mtu wa Tabora, mkoa wa nyuki, anatengeneza mafuta ya kupaka halafu anaitoa asali? Uamuzi huo umetokana na maneno yenu wenyewe, kwa hiyo ni haki yenu kujua tulichokiona na tulichokibadilisha, na namna ya kuyatumia haya mapya.

Habari ya kwanza ilitoka Isevya. Mama mmoja alinipigia akasema, "Mwanangu, mafuta yako mazuri, ila sisimizi wananimalizia." Nikamwomba anirudishie kikopo. Juu kilikuwa safi kabisa, mafuta yameganda laini kama yalivyotoka kwetu. Nilipoyakwangua kwa kijiko hadi chini nikakuta tabaka la rangi ya kahawia, zito, linanata, na sisimizi kadhaa wamenasa humo. Ilikuwa asali, karibu yote tuliyoitia, imekaa peke yake chini ya kikopo.

Baada ya hapo malalamiko mengine, ambayo mwanzoni yalionekana hayahusiani, yakaanza kueleweka. Dada wa Ng'ambo alisema nusu ya kwanza ya kikopo inapakika vizuri lakini nusu ya pili inanata kwenye shuka. Mwingine alisema mafuta yake yamechacha, yananuka kama pombe ya kienyeji. Wote walikuwa wamefika kwenye tabaka lile.

Sababu ni hii. Asali ni sukari iliyoyeyuka katika maji kidogo, na asali nzuri iliyokomaa huwa na maji kama asilimia 17 hadi 20. Mafuta na maji havichanganyiki, na nta haibadilishi hilo. Ukikoroga kwa nguvu mchanganyiko ukiwa wa moto, asali inakatika vitone vidogo vidogo na kwa macho unaona imechanganyika. Lakini asali ni nzito kuliko mafuta. Kikopo kikipata joto, mafuta yakilainika, vile vitone vinazama kidogo kidogo na kukutana chini. Hapo asali inafanya tabia yake nyingine, kuvuta unyevu. Kidole chenye maji kikiingia, au kikopo kikiachwa wazi bafuni, asali inazidi kuwa nyepesi, na ikishakuwa nyepesi hamira za asili zilizomo zinaamka na kuanza kuichachua. Harufu ile ya pombe ilikuwa ya kweli.

Ipo dawa ya kushikanisha mafuta na maji, ndiyo inayotumika kwenye losheni na krimu za dukani. Lakini ukishaiweka, na maji yakabaki ndani ya mafuta, unalazimika kuweka na dawa ya kuzuia vijidudu, na kuipima kwa usahihi. Sisi tunafanya kazi kwa sufuria, mizani na kipimajoto. Mafuta yasiyo na maji kabisa yanakaa salama bila dawa hiyo, kwa sababu vijidudu haviwezi kuzaliana pasipo maji. Kati ya kuongeza dawa na kuondoa asali, tuliondoa asali.

Kuna jambo lingine lililonifanya nisisite. Wengi wenu mnawapaka watoto wachanga. Mtoto wa miezi minne anaweka mkono mdomoni siku nzima, na chochote kilichopo mkononi anakila. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hatakiwi kulishwa asali hata kidogo, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachoitwa klostridia botulinamu. Tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini la mtoto mchanga bado halijawa tayari, na sumu inayotengenezwa humo inalegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kwa hiyo kama una kikopo cha lebo ya njano, tumia wewe mwenyewe. Usimpake mtoto.

Baada ya asali kutoka, likabaki lile la kuyeyuka na chenga. Waliotumiwa vikopo kwa basi, Urambo, Kaliua, Sikonge, walisema mafuta yamefika maji. Wenye maduka ya bati walisema hivyohivyo, hasa Oktoba kabla mvua hazijaanza. Na yakishaganda tena yanakuwa na punjepunje, ukipaka unahisi kama kuna sukari laini.

Mzigo wa mwanzo, kwa kila kilo moja, ulikuwa na mafuta ya nazi gramu 550, ya alizeti gramu 250, nta gramu 100 na asali gramu 100. Angalia hayo ya nazi. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na Tabora mwezi wa Oktoba mchana unapita 30. Maana yake, zaidi ya nusu ya kikopo ilikuwa kimiminika kila siku mchana na kuganda kila usiku, na kilichoyashikilia yote ni nta kidogo tu. Nta ya nyuki ndiyo inayovumilia, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Zile chenga nazo zinatokana na kupoa. Mafuta yaliyoyeyuka yakipoa taratibu, sehemu zinazoganda mapema zinapata muda wa kujikusanya na kuwa punje. Yakipoa haraka hukosa muda huo, yanaganda yakiwa laini.

Sasa kilo moja ina nta gramu 180, nazi gramu 300, alizeti gramu 510 na vitamini E gramu 10. Nta tumeiongeza na nazi tumeipunguza. Vitamini E imeingia kwa sababu ya alizeti, mafuta yanayoharibika kwa hewa upesi kuliko ya nazi. Inachelewesha kuharibika huko, lakini haiui vijidudu, msiitegemee kwa hilo. Tunayeyusha nta kwanza, sufuria ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si kwenye moto moja kwa moja, kisha mafuta yanafuata hadi mchanganyiko uwe angavu bila uzi wa nta unaoelea. Vitamini E inaingia mwisho, joto likishashuka. Tukishamimina, vikopo vinakaa kwenye beseni la maji ya baridi ili vigande upesi.

Kila mzigo tunaujaribu kabla haujatoka. Kikopo kinakaa kwenye maji ya nyuzi 45 kwa muda wa saa nzima, halafu tunakilaza ubavu. Mafuta yakitiririka, mzigo hauendi popote. Yakilainika lakini yakabaki mahali pake, yamepita. Nyuzi 45 ni karibu na joto la duka la bati lisilo na dari mchana wa Oktoba. Ndani ya gari lililofungwa vioo juani joto linaweza kupanda zaidi ya hapo, na huko mafuta haya nayo yatalegea. Sitawaambia kwamba hayayeyuki kabisa.

Yakiyeyuka, usiyaache yagande yenyewe juu ya kabati. Weka kikopo kilichofungwa vizuri kwenye bakuli la maji ya moto hadi mafuta yote yawe angavu, mpaka zile punje zipotee, halafu kihamishie kwenye maji ya baridi kikiwa kimesimama, bila kukitikisa. Chenga zenyewe hazidhuru ngozi, zinakera tu, na ukizisugua viganjani zinayeyuka.

Ugumu ni gharama ya mabadiliko haya. Juni na Julai, asubuhi ya baridi, gramu 180 za nta zinakuwa ngumu kuchota, na mteja mmoja wa Sikonge ameshaniambia inambidi akwangue kwa ukucha. Kwa hiyo mzigo wa kuanzia Mei una nta gramu 150, na mwezi umeandikwa chini ya kikopo. Ukiwa na kikopo cha Oktoba wakati wa baridi, chota kidogo sana, kiasi cha punje ya harage, usugue viganja hadi kiyeyuke ndipo upake, na uwahi ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Nta haiongezi maji kwenye ngozi, inazuia yaliyopo yasitoroke. Ukipaka juu ya ngozi iliyokauka saa nyingi utaona inang'aa huku ndani inawasha vilevile.

Kuhusu harufu ya moshi mmegawanyika. Nta yetu inatoka kwa warinaji wa mizinga ya magogo na magome, na wengi bado wanawafukuza nyuki kwa moshi, ndiyo harufu mnayoisikia. Tumeongeza usafishaji wa pili: nta inayeyushwa kwenye maji, inachujwa kwa kitambaa, ikiganda tunaukwangua ule uchafu wa chini, kisha inarudiwa. Harufu imepungua, haijaisha. Manukato sitaongeza kwa sasa, kwa ajili ya watoto na wenye ngozi inayochagua.

Mlioniuliza kama yanang'arisha ngozi, jibu ni hapana, wala hayatibu fangasi. Mwenye chunusi asiyapake usoni, kwa sababu mafuta ya nazi yanaweza kuziba vinyweleo na kuzizidisha. Miguuni, viwikoni, mikononi na midomoni ndiko yanakofanya kazi vizuri.

Chota kwa kidole kikavu, kwa sababu tone moja la maji likibaki ndani ya kikopo linaturudisha kule kwenye shida ya asali. Ukinusa harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyolala siku nyingi, yameharibika, yaache. Kikopo kilichofunguliwa kimalize ndani ya miezi sita.

Wenye vikopo vya njano ambavyo havijafunguliwa, vileteni dukani tuwabadilishie bila kuongeza pesa. Mlio nje ya mji nitumieni picha ya chini ya kikopo, penye mwezi na namba ya mzigo, na mnieleze mnakiweka wapi nyumbani. Mzigo wa Novemba ndio ninaoufuatilia zaidi hivi sasa, kwa sababu vikopo viwili vya mzigo huo vimesemekana vina chenga wakati havikuwahi kuyeyuka, na bado natafuta kama ni maji ya beseni hayakuwa baridi ya kutosha.