Uso wa mdogo wako kwenye simu ya video si kitambulisho

Nina kibanda cha uwakala Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni, na wateja wangu wengi ni wachuuzi wa dagaa. Kwa miaka mingi utapeli uliokuwa ukifika dirishani kwangu ulikuwa wa maandishi: "ile hela tuma kwenye namba hii". Huo watu wameshauzoea, hata wanauchekea. Huu wa sasa wa simu ya video ni mgumu zaidi, kwa sababu mtu anakuja akiwa ameshaamini, na anayemwambia asubiri ndiye anayeonekana mbaya.

Nitaeleza kisa kimoja, maana ndani yake kuna karibu kila kitu cha kujua.

Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja mchana akiwa na haraka. Alitaka kuweka milioni moja na laki mbili aitume Dar es Salaam. Mdogo wake wa kiume ana duka Kariakoo, na alikuwa amempigia kwa video ya WhatsApp, kwa namba ileile na picha ileile ya siku zote. Alimwambia amemgonga mtu kwa pikipiki, yuko hospitalini na majeruhi, na ndugu wa majeruhi wanataka hela ya matibabu kabla mambo hayajafika polisi. Waliongea kwa muda mfupi, picha ikakwama, kijana akasema mtandao ni mbovu. Kuanzia hapo yakawa maandishi tu, pamoja na namba ambayo alisema ni ya muuguzi. Dada yule alikuwa ameshatuma laki sita. Hii ya kwangu ilikuwa awamu ya pili.

Nikamuuliza, "Dada, umempigia kwa simu ya kawaida?"

"Ya nini, mdogo wangu, na nimemwona kwa macho yangu?"

Nikamsihi apige palepale, kwa salio, siyo kwa WhatsApp. Simu ikaita, ikapokelewa. Mdogo wake alikuwa dukani anahudumia wateja, mzima kabisa, ila alikuwa analalamika kwamba WhatsApp yake imemtoa tangu asubuhi.

Hapo ndipo penye siri ya mchezo wote. Akaunti ya WhatsApp na laini ya simu ni vitu viwili, ingawa namba ni moja. Asubuhi ile kijana alikuwa ameombwa na mtu aliyejifanya mteja amsomee "namba ya oda" iliyoingia kwa ujumbe mfupi. Zile tarakimu sita hazikuwa za oda yoyote. Ndizo WhatsApp inazotuma kuthibitisha namba kwenye simu mpya. Alipozisoma, akaunti ikahamia kwa tapeli, pamoja na makundi ya ukoo na majina ya waliomo. Laini yenyewe ilibaki mfukoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo dada angempigia tena kwa WhatsApp, angempata tapeli. Alipopiga kwa salio, alimpata ndugu yake.

Na uso je? Kuna programu zinazokaa kati ya kamera na simu ya video. Tapeli anakaa mbele ya kompyuta yenye nguvu, anaiwekea picha moja nzuri ya mtu, na programu inabandika uso ule juu ya wake huku anaongea. Akicheka, uso unacheka; akifumba macho, nao unafumba. Picha ya kutumia haitafutwi mbali: ipo kwenye Facebook, ipo kwenye video ya harusi aliyoiweka binamu. Sauti hubadilishwa kwa njia nyingine, na sampuli fupi tu ya mtu akiongea inaweza kutosha kuiiga. Nchini China, mwaka 2023, polisi wa Baotou walieleza habari za mfanyabiashara aliyehamisha yuan milioni 4.3 ndani ya dakika kumi baada ya kuona uso wa rafiki yake kwenye simu ya video. Alimtumia rafiki huyo ujumbe kumjulisha kwamba hela imeshakwenda, ndipo akagundua kuwa rafiki hajui lolote.

Watu wengi wakisikia hivi huniuliza ni alama gani za kutazama usoni. Zipo. Programu nyingi hubadilisha sehemu ya katikati tu, kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni. Masikio, nywele, shingo na mabega hubaki vya tapeli mwenyewe. Kama mdogo wako ana kovu shingoni au masikio yake unayajua, tazama huko badala ya kutazama macho. Mwambie ageuke ubavu kabisa, mpaka uone sikio moja tu, kwa sababu programu inahitaji kuona macho, pua na mdomo ili ijue pa kubandika, na mtu akigeuka hivyo uso huweza kuteleza au kutetemeka. Mwambie apitishe vidole taratibu mbele ya pua. Meno na ulimi navyo mara nyingi hutoka kama ukungu anapoongea kwa haraka.

Lakini mimi simshauri mtu aweke imani yake hapo. Programu mpya zinajua kuuacha mkono upite vizuri, na simu zetu hizi, zikiwa na mtandao wa kusuasua na kioo kilichopasuka, huficha kasoro zote hizo. Ndiyo maana tapeli huongea kwa muda mfupi kisha analaumu mtandao. Alama ikionekana, una sababu ya kukata simu. Isipoonekana, bado hujathibitisha chochote.

Kinachothibitisha ni njia uliyoianzisha wewe. Kata, kisha piga simu ya kawaida kwa namba uliyoihifadhi zamani, siyo kwa namba mpya uliyopewa ndani ya mazungumzo. Usimuage wala usimweleze unachokwenda kufanya; sema salio la data limeisha. Asipopatikana, piga kwa mtu anayekaa naye: mkewe, jirani wa duka, mwenzake wa chumbani. Huyu wa pili ni muhimu hasa pale tapeli anapokuwa ameiba hata laini, yaani amefanikiwa kuisajili upya namba ya ndugu yako kwenye kadi nyingine. Hapo simu ya kawaida nayo itapokelewa na tapeli. Dalili yake ni kwamba simu ya ndugu yako ilipoteza mtandao ghafla, na aliye naye karibu ndiye atakayekuambia hivyo.

Kwa walio na watoto Oman au Dubai jambo hili lina ugumu wake, kwa sababu wengi huko hutumia WhatsApp yenye namba ya Tanzania, na laini yenyewe imezimwa kwenye droo. Simu ya kawaida haitampata. Basi ombeni mapema namba ya kule anakofanyia kazi na ya Mtanzania mwenzake mmoja, na ziandikwe kwenye daftari la nyumbani. Namba iliyo kwenye simu tu hupotea siku simu inapoibiwa.

Ikibidi umjaribu ukiwa bado kwenye simu, usimuulize jina la shule aliyosoma wala mwaka wa kuzaliwa. Hayo yamejaa mtandaoni. Muulize kitu ambacho hakipo. Dada yule sasa ana swali lake: "Yule mbuzi wa bibi kule Sengerema uliyemtibu, alipona?" Bibi hana mbuzi. Ndugu wa kweli atashangaa, aulize mbuzi gani. Tapeli hawezi kujua kama mbuzi yupo au hayupo, kwa hiyo mara nyingi atakubali tu: "alipona, dada, lakini sikiliza kwanza hili." Wapo wanaosema watamjaribu kwa Kisukuma. Ni chujio zuri kwa tapeli wa mbali, ila Wasukuma ni wengi mno nchi hii, na matapeli nao wana makwao.

Kuhusu neno la siri la familia, nimeona likifanya kazi na nimeona likiharibika. Huharibika linapoandikwa kwenye kundi la ukoo, maana akaunti moja ikiibwa baadaye, mwenye kuiba anakaa kundini pamoja nanyi. Kubalianeni ana kwa ana, mkikutana kwa msiba au harusi. Mwachieni mzee wa nyumba achague mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayelisahau likiwa la vijana. Lisiwe jina la mtoto wala la kijiji. Na anayeomba hela ndiye anayelitaja. Anayeombwa halitaji hata silabi yake ya kwanza. Tapeli aliyesikia kwamba kuna neno atasema, "nimechanganyikiwa, dada, lilikuwa lipi vile?" Hilo lisijibiwe hata kama analia. Neno likishatajwa kwenye simu mnayoitilia shaka, chagueni jingine.

Bibi yetu aliye Nansio anatumia kitochi, na katika habari hii yuko salama kuliko sisi sote. Hana uso wa kuonyeshwa. Akitaka kujua, anapiga.

Sasa zile laki sita. Kabla ya kutuma, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, akaliona si la ndugu yake, lakini hadithi ya muuguzi ilikuwa imeshamwandaa. Jina la mgeni kwenye hela ya dharura ya ndugu ni mahali pa kusimama, kila mara. Tulipiga huduma kwa wateja palepale kuomba muamala usimamishwe. Hela hurudishika kama bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji, na ile ilikuwa imeshatolewa. Alikwenda polisi akapata RB, akiwa na ujumbe wa muamala na picha za mazungumzo. Namba ya tapeli na ujumbe wake alivituma 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli.

Mdogo wake kule Dar alifungua WhatsApp upya kwa laini yake, akaingiza tarakimu mpya alizotumiwa, na wakati huohuo tapeli akatolewa. Kama tapeli angekuwa ameshaweka PIN yake, kijana angelazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuitumia akaunti, lakini hata hivyo tapeli angekuwa ametoka. Baada ya hapo aliingia Settings, Account, Two-step verification, akaweka PIN yake mwenyewe, na kwenye Linked devices akahakikisha hakuna kompyuta ngeni.

Huku Mwanza tulianza kuwajulisha ndugu kabla hajairudisha akaunti yake. Hatukuandika kundini, kwa sababu tapeli alikuwa anasoma. Mwenye kundi alipigiwa kwa salio, akaitoa namba ya kijana kundini kwanza, kisha ndiyo onyo likaandikwa. Shangazi wa Magu alikuwa tayari ameshapokea simu ya video.