Hamisha, usiongeze

Swali la wiki: "Natoka nyumbani alfajiri, narudi saa tatu usiku. Mchana sina nafasi ya kula, basi nakula mlo mmoja mkubwa usiku. Je, niugawe, au haina shida mradi jumla ya chakula ni ileile?"

Kwenye uzito, jumla ndiyo inayoamua. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, waliwapangia watu wenye uzito uliozidi chakula cha kalori zilezile kwa mipango miwili: wiki nne wakila zaidi asubuhi, wiki nne nyingine wakila zaidi jioni. Walipungua karibu sawa. Kilichotofautiana ni njaa, maana waliposhiba asubuhi hawakusumbuliwa sana na hamu ya kula kutwa nzima. Hiyo njaa ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu anayesema anakula mlo mmoja mara nyingi hali mmoja.

Nimefanya kazi ya lishe kliniki hapa Moshi kwa muda mrefu, na mfano ulionikaa ni wa dereva wa Hiace ya Moshi na Arusha. Aliapa kwamba tangu kunakucha hatii kitu mdomoni. Sahani yake ya usiku ilikuwa ugali wa vikombe viwili vya unga, nyama ya kukaanga, mchicha uliojaa mafuta na parachichi zima. Tulipoijumlisha ilikaribia kalori 2,000, kiasi ambacho kwa mwanamume wa kazi si cha kutisha. Nikamwuliza anakunywa nini stendi. Chai ya maziwa vikombe vitatu, kila kimoja sukari vijiko vitatu, soda moja mchana, na pakiti ya karanga akisubiri abiria. Hapo zilikuwepo kalori nyingine kama 800, na hakuwa amezihesabu kwa kuwa kwake hicho si chakula.

Hatukumwambia aongeze kifungua kinywa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaanza kula asubuhi, sahani ya usiku inabaki vilevile, na baada ya mwezi suruali haifungi. Tulianza kwa kupunguza usiku. Nusu kikombe cha unga kikatoka, parachichi likawa nusu, na mafuta yakapungua vijiko viwili vya mezani. Kwa hesabu hiyo zilitoka kalori kama 600, tukazihamishia mchana kwa vitu visivyohitaji sahani wala kukaa: mayai mawili ya kuchemsha na ndizi mbivu mbili za kula safarini asubuhi, kisha nusu lita ya mtindi mchana. Soda na karanga zikaondoka, chai ikabaki na kijiko kimoja cha sukari. (Mkewe alidhani ugali umemshinda. Mweleze mpishi wako mapema, la sivyo atakupakulia kama zamani.)

Siku za kwanza alisema asubuhi hana hamu. Ni kawaida, kwa sababu tumbo lililojazwa usiku huamka bado limeshiba. Ndiyo maana usiku hupunguzwa kwanza, na njaa ya asubuhi hurudi yenyewe baada ya siku chache.

Na wewe ukiona uzito wako hauyumbi, unalala vizuri na mchana huna kizunguzungu, sioni sababu ya kukulazimisha. Badilisha ukiona dalili hizi: kiungulia ukilala, maji machungu yanayopanda kooni, usingizi wa kukatikakatika, au mchana kutwa unaokota vitafunwa. Saa nazo zina uzito wake. Kula uache saa mbili hadi tatu kabla ya kulala, kwa hiyo ukila saa tatu na nusu usiku, kitanda kisubiri hadi saa sita, au mlo uwe mdogo. Tena, usiku mwili hushughulikia sukari kwa uzembe kuliko asubuhi. Ugali uleule huipandisha zaidi sukari ya damu ukiliwa usiku, na hilo humgusa hasa mwenye kisukari au aliye karibu nacho.

Mwenye kisukari asichukue ushauri huu kama ulivyo. Anayemeza glibenklamidi asubuhi kisha akashinda na njaa hadi usiku yuko hatarini kushukiwa na sukari: jasho la ghafla, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa, na kama ni dereva, ajali. Anayechoma insulini naye vivyo hivyo. Hao wapange saa za kula pamoja na dozi zao kliniki kabla ya kugusa chochote, na wawe na glukosi au sukari mfukoni. Dalili zikianza, mtu aegeshe gari, ale sukari hiyo, kisha ale chakula, na asirudi kwenye usukani mpaka apate nafuu kabisa.