Jezi nyekundu iwe ya njano, namba na jasho vibaki

Kocha mmoja wa timu ya mtaani alinijia kwenye kibanda changu Nasser Road, hapa Kampala, akiwa na picha kwenye simu. Timu yake ilikuwa imeacha jezi nyekundu kama za Express na kuhamia njano kama za KCCA, lakini jezi mpya zilikuwa bado kwa fundi. Bango lilitakiwa kesho yake. "Wewe geuza rangi tu, kaka," akaniambia.

Hilo "tu" lilinila saa tatu. Nilifungua Photoshop, nikaweka safu ya njano na kuchagua `Color`. Jezi ikawa rangi ya tope la bwawani. Sababu ni kwamba `Color` hubadilisha rangi na kuacha mwangaza ulivyokuwa. Nyekundu iliyokolea ina mwangaza wa kama 76 kati ya 255, ilhali njano iliyokolea inafika 226. Ukiipaka njano juu ya mwangaza wa nyekundu, huna njano tena.

Kwa hiyo jezi lazima kwanza iwe nyeupe, na habari njema ni kwamba jezi nyeupe tayari imo ndani ya picha yako. Fungua `Channels` ubofye `Red` peke yake. Kitambaa chekundu kinaonekana cheupe, mikunjo yote ipo, na namba nyeupe karibu inapotea. Sasa bofya `Green`. Mambo yanageuka: kitambaa ni cheusi, namba inang'aa. Kazi yote imesimama juu ya hizo chaneli mbili.

Nilichagua jezi nzima kwa kalamu, nikaunda kundi la safu lenye barakoa ya umbo hilo. Nembo ya mdhamini kifuani ilikuwa kibao cha bluu chenye maandishi meupe, kwa hiyo niliitoa kabisa kwenye barakoa. Mdhamini amelipia bluu yake, usiiguse.

Ndani ya kundi, safu ya kwanza ni `Channel Mixer`, ukiweka alama kwenye `Monochrome`. Ningeweka `Red` 100, lakini hapo jasho lilififia. Kitambaa kilicholowa huwa cheusi zaidi, na kwenye jezi nyekundu tofauti hiyo huonekana hafifu katika chaneli nyekundu. Nikaweka `Red` 80, `Green` 20 na `Blue` 0, na madoa ya kwapani yakarudi. Jumla ibaki 100, la sivyo mwangaza wa picha utahama. Mchanganyiko huu husaidia pia pale jua la saa nane linapounguza chaneli nyekundu hadi 255 na bega likawa bapa bila mkunjo hata mmoja. Kama na kijani nayo ni bapa hapo, tafuta picha nyingine.

Juu yake weka rangi. Mara ya kwanza nilitumia njano kwa `Multiply`, vivuli vya mikunjo vikawa vya kijani kibichi kama maembe mabichi. Njano ikitiwa giza hufanya hivyo. `Gradient Map` ilinitoa: giza nililipa kahawia `#5A3200`, kwenye robo tatu nikaweka njano `#F5C400`, na mwanga `#FFF3B0`.

Halafu namba. Nyeupe juu ya njano haisomeki kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo ilibidi iwe nyeusi. Zima kwanza jicho la kundi ili nyekundu ya asili irudi, nakili chaneli ya `Green`, tumia `Levels` hadi kitambaa kiwe cheusi kabisa, kisha shika `Ctrl` ubofye kijipicha chake. Ukiwa na uteuzi huo, rudi kwenye `RGB`, washa kundi, kisha ongeza `Solid Color` ya `#2B2B33` kwa `Multiply` juu kabisa ndani ya kundi. Barakoa ya kundi itazuia mambo ya nje, kama nyasi na soksi nyeupe. Nimechagua kijivu kilichokolea kwa makusudi, maana nyeusi tupu humeza mikunjo inayopita juu ya namba, ikaonekana kama stika.

Kingo za namba zikitokea na vijisanduku, kosa si lako. Picha ilipita WhatsApp, ikabanwa, na rangi ndiyo hubanwa zaidi. Nilimwomba kocha aitume tena kama dokumenti, na kingo zikanyooka.

Kocha alipoiona, alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini kidevu cha kijana kimeiva. Alikuwa sahihi. Jezi nyekundu ilikuwa imerusha wekundu wake chini ya kidevu na ndani ya mikono, na mimi nilishughulika na kitambaa peke yake. Nikachukua brashi laini ya njano, safu mpya ya `Color`, `Opacity` 15, nikapitisha chini ya taya na kwenye viwiko.