Hendla haizidi mikrosekunde 9, kwa nini UART inapoteza herufi?

*"Wakuu, natumia STM32F103 kwa 72 MHz, modemu iko UART1 kwa 115200. Nimepima hendla ya UART kwa CYCCNT siku tatu mfululizo, haijawahi kuzidi mikrosekunde 9. Dedilaini ni kama 86. Mbona bado napata ORE na herufi zinapotea? Prioriti sijazigusa, zote ni 0."*

Ndugu, hiyo 9 ni sahihi, ila umepima kitu kingine. Saa yako inaanza kuhesabu hendla ikishaingia. Modemu haijui habari hizo. Dedilaini inaanza kuhesabiwa baiti inapotua kwenye rejista, na F103 haina foleni ya baiti: ina rejista moja tu, na nyuma yake baiti inayofuata inaendelea kuingia biti kwa biti. Baiti moja ni biti 10 pamoja na za kuanzia na kumalizia, yaani mikrosekunde 86.8. Hiyo inayofuata ikikamilika kabla hujasoma `USART1->DR`, ORE inawaka na herufi imekwenda. Kwa hiyo unachotakiwa kukijua ni muda wa kusubiri mlangoni pamoja na muda wa kazi yenyewe.

Nilijifunza haya kwa aibu. Mwaka mmoja nilikuwa naitunza mashine ya kuuza maji huku Kayole: mteja analipa kwa simu, seva inatuma ujumbe kwa modemu, valvu inafunguka. Mezani kwangu ilifanya kazi bila kosa. Jumamosi ya kwanza pale mtaani, mama mmoja mwenye mitungi minne ya lita 20 akanisimamia kichwani: "We kijana, pesa imetoka, maji yako wapi?" Foleni nyuma yake ilikuwa inafika kwa muuza mkaa.

Niliporudi nyumbani niliandika kwenye karatasi kila kinachoweza kuizuia hendla ya UART. Prioriti zangu nazo zilikuwa 0 zote, kama zako, na hapo hakuna interapti inayoikatiza nyingine. Zikingoja pamoja, yenye namba ndogo ndiyo inayotangulia, na USART1 ni namba 37. Tiki ya milisekunde moja na interapti ya mita ya maji zote ziko mbele yake.

Tiki ilichukua 25. Mita ilinidanganya kidogo: mara nyingi ilikuwa 6, lakini kila palsi ya 450 lita inatimia, inapiga hesabu ya desimali, na chipu hii haina kitengo cha desimali, kwa hiyo hesabu inafanywa na programu. Njia hiyo ilikuwa 18. Usingoje itokee yenyewe. Weka kihesabu kwenye 449 kwa mkono kisha upime. Halafu kulikuwa na sehemu ya programu kuu inayofunga interapti zote kwa `__disable_irq()` ili kunakili rekodi, mikrosekunde 31. Siku mbaya kuliko zote ni hii: sehemu hiyo imeanza sasa hivi, baiti inatua, tiki na palsi ya lita nazo zinafika humo humo. Kusubiri pamoja na kazi, tuite R, kwa mikrosekunde:

```
R = 31 + 25 + 18 + 9 = 83
```

83 chini ya 86.8. Inapita, lakini ukiikaribia hivyo usilale. Modemu ikiwa na saa inayokimbia kwa asilimia 2, 86.8 inakuwa 85. Nikapandisha prioriti ya UART juu ya hizo mbili, ikabaki 31 + 9, yaani 40. Nikafurahi, nikapeleka Kayole, na herufi zikaendelea kupotea.

Nililokuwa sijaliandika kwenye karatasi ni fleshi. Kila malipo yanahifadhiwa kama rekodi ya baiti 8, na F103 inaandika baiti mbili mbili. Kila uandishi mmoja ni kama mikrosekunde 52, na datashiti inaruhusu hadi 70. Katika muda huo fleshi haisomeki. Prosesa ikitaka amri inayofuata kutoka humo, inagandishwa tu. Hapo prioriti haisaidii chochote, maana hata anwani ya hendla iko kwenye jedwali lililo ndani ya fleshi hiyo hiyo. Na kufuta ukurasa ndiyo balaa: milisekunde 20 hadi 40. Kwa 40, baiti 460 zinapita ukiwa umeganda.

Ndiyo maana siku tatu zako hazikuonyesha kitu, kama unahifadhi chochote kwenye fleshi. CYCCNT inaendelea kuhesabu prosesa ikiganda, lakini wewe unaanza kusoma baada ya mgando kuisha. Na kwangu ukurasa wa kilobaiti 1 ulijaa kila baada ya malipo 128; mezani sikuwahi kulipa mara 128. Hata aina ya upotevu inakuambia: ikikosekana herufi moja hapa na pale, shuku uandishi au foleni ya hendla. Kikikosekana kipande kizima cha ujumbe, ni ufutaji.

Ili kupima kusubiri kwenyewe, tumia taima inayohesabu mikrosekunde (PSC 71). Inapojaa inarudi sifuri na kuomba interapti, kisha inaendelea kuhesabu. Ukiisoma mara tu unapoingia, namba unayoiona ni muda uliosubiri.

```c
volatile uint16_t max_d;

void TIM3_IRQHandler(void) {
    uint16_t d = TIM3->CNT;
    TIM3->SR = ~TIM_SR_UIF;
    if (d > max_d) max_d = d;
}
```

Ipe prioriti sawa na UART. Nimeweka ARR 61036 kwa sababu mbili. Mzunguko ukiwa mfupi kuliko mgando, kihesabu kinazunguka na kukuonyesha namba ndogo ya uongo. Na ukiwa milisekunde kamili, unakutana na tiki mahali pale pale kila mara. Huu unasogea mikrosekunde 37 kila mzunguko, kwa hiyo ndani ya dakika moja hivi umepita kila nafasi ya tiki. Mimi nilipolazimisha ufutaji, `max_d` ilisoma zaidi ya 22000, na hendla yangu ilikuwa bado "9".

Dawa iliyonifaa ni kuondoa baiti mikononi mwa prosesa. USART1_RX iko kwenye DMA1 chaneli 5. Iweke katika hali ya mzunguko, iandike kwenye bafa ya baiti 1024 ndani ya RAM. DMA haihitaji kusoma fleshi, kwa hiyo inaendelea kupokea prosesa ikiwa imeganda. Dedilaini yako sasa ni muda wa bafa kujaa, karibu milisekunde 89, na mgando wa 40 unaingia humo. Unaweza pia kuhamishia hendla na jedwali la vekta kwenye RAM kwa `SCB->VTOR`, lakini kila funksheni inayoitwa humo nayo ihamie, na kompaila hupenda kuchomeka `memcpy` ya fleshi bila kukuambia. Mimi sina uvumilivu huo.

Palsi za mita zilikuwa na tatizo lile lile, maana kwa milisekunde 40 palsi kadhaa hupita huku bendera ya interapti ikikumbuka moja tu. Nilizipeleka kwenye taima inayohesabu palsi za nje yenyewe, na ufutaji nikausogeza hadi valvu iwe imefungwa.

Tuwekee hapa namba ya `max_d` ukishalazimisha ufutaji, na urefu wa kila `__disable_irq()` uliyo nayo, pamoja na zile zilizojificha ndani ya maktaba unazotumia.