'Alaa Ibraahiima' au ''alaa Ibraahiimi'?

Swali: Assalaamu alaykum Shekhe. Nafundisha watoto chuoni tangu ujana wangu. Kijana mmoja aliyeanza kusoma nahau amenisikia nikiwasomesha tahiyatu, "kamaa swallayta 'alaa Ibraahiima", akasema mbele ya watoto kuwa ni kosa: baada ya 'alaa lazima kasra, "Ibraahiimi", na kwamba swala zangu na za wote niliowafundisha zina dosari. Wazazi wawili wameshawaondoa watoto. Silali. Je, nimewapoteza watoto wa watu?

Jibu: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullaah, Mwalimu. Hukumpoteza yeyote. Ulivyosomesha ndivyo, na aliyekosea ni aliyekukosoa.

Kijana huyo ameshika nusu ya kanuni akaifanya nzima. Kweli 'alaa ni harufu ya jarri, na jina linaloifuata huwa katika hali ya jarri. Lakini alama ya jarri si kasra peke yake. Yako majina ambayo wanachuoni wa nahau huyaita yasiyokubali sarfu: hayapokei tanwini, na yakiwa katika jarri hupewa fatha badala ya kasra. Hata Ajurumiya, kitabu cha kwanza cha mwanafunzi, inaitaja fatha miongoni mwa alama za jarri. Angefika mlango huo kabla ya kusimama mbele ya watoto.

Ibraahiim ni jina la mtu, tena asili yake si ya Kiarabu. Mambo hayo mawili yakikutana, jina huwa na uzito unaolifananisha na kitendo, na kitendo hakina tanwini wala kasra. Ndiyo maana katika swala hiyo hiyo tunasema "'alaa Muhammadin" kwa kasra na tanwini, kwani Muhammad ni jina la Kiarabu na lina sababu moja tu, kisha tunasema "'alaa Ibraahiima". Harufu ni moja, miisho miwili, na yote miwili ni jarri.

Nimesikia wengine wakijitetea kwamba basi Ibraahiim ni neno lisilobadilika mwisho. Hilo nalo si kweli. Katika Suratul-Baqara aya ya 127 tunasoma "wa idh yarfa'u Ibraahiimu" kwa dhumma, kwa sababu yeye ndiye mtendaji. Na katika aya ya 124, "wa idhibtalaa Ibraahiima rabbuhu", kwa fatha, kwa sababu yeye ndiye aliyejaribiwa. Mwisho wake unabadilika, ila alama zake ni mbili badala ya tatu.

Mwite kijana huyo faraghani, mfungulie Suratun-Nisaa aya ya 163, umwombe asome polepole: "kamaa awhaynaa ilaa Nuuhin". Hapo pana kasra na tanwini, kwa kuwa Nuuh, ijapokuwa ni la kigeni, lina herufi tatu na ya kati ina sukuni, likawa jepesi. Kisha: "wa awhaynaa ilaa Ibraahiima wa Ismaa'iila wa Is-haaqa wa Ya'quuba wal-asbaati". Majina manne yana fatha, na asbaati iliyounganishwa nayo ina kasra. Zote zinatawaliwa na ilaa ile ile! Kama fatha ile isingekuwa alama ya jarri, asbaati iliyounganishwa nayo isingepata kasra. Mwenye kusema ni makosa ya chapa na aulize waliohifadhi. Wote watamsomea hivyo hivyo.

Lipo jambo moja la kumwongezea, asije akatoka kosa moja akaingia jingine. Neno la aina hii likiwa na "al" au likawa mudhafu, kasra yake hurudi. Ndiyo maana katika Suratun-Nisaa aya ya 86 ni "bi-ahsana minhaa", na katika Suratut-Tiin ni "fii ahsani taqwiim". Neno ni lile lile; la pili limekuwa mudhafu.

Na wewe, Mwalimu, ukimsikia msomaji wa riwaya ya Warshi akisoma "salaasilan", nalo ni neno la aina hii hii, kwa tanwini katika Suratul-Insaan, ambapo sisi wa Hafsi tunasoma "salaasila", usimkosoe. Hicho ni kisomo kilichothibiti.

Ama swala: hata mtu akisema "Ibraahiimi" kwa kutojua, hiyo ni lahni isiyogeuza maana. Isitoshe, katika madhehebu yetu ya Shafi kumtaja Ibraahiim hapo ni sunna. Lililo wajibu ni kumswalia Mtume. Basi kuwaambia watu swala zao zina dosari kwa sababu ya irabu ya hapo ni kuwabebesha mzigo ambao sheria haikuwabebesha, hata kama irabu hiyo ingekuwa kosa kweli. Wala hakuna swala ya kurudia, yako wala ya wanafunzi wako.

Wazazi wale wawili waendee na msahafu, uwaoneshe aya hiyo ya 163. Kijana naye usimwaibishe kama alivyokuaibisha. Mtafutie shekhe amkamilishie mlango huo, kisha yeye mwenyewe awasahihishie watoto alichowaambia. Hiyo ni haki yako kwake, na ni haki ya watoto. Wallaahu a'lam.