Mkuu, usipunguze usingizi kwa ajili ya yoga nidra

Swali: "Nasikia nusu saa ya yoga nidra ni sawa na masaa manne ya usingizi. Kuanzia Jumatatu nataka nilale masaa matatu tu usiku, mchana napiga nidra. Nianze na hiyo au skani ya mwili?"

Acha kabisa. Yoga nidra ni kujilaza chali ukifuata sauti inayotaja viungo vya mwili kimoja kimoja, si usingizi. Hayo masaa yako ya usiku usiyaguse.

Hiyo hesabu mimi niliinunua elfu thelathini, kwa "mwalimu" mmoja wa mtandaoni mwenye sauti ya asali. Nilikuwa zamu ya usiku ghalani. Asubuhi nalala masaa matatu, jioni najilaza chali mkekani nusu saa namsikiliza, kisha kazini. Wiki mbili nikajiona mjanja, nikawacheka wanaolala. Wiki ya tatu, narudi na pikipiki, nakumbuka naipita Kimara. Kinachofuata ni maji ya mtaro mdomoni. Wala sikusinzia kwa kichwa kuanguka, akili ilizima tu sekunde chache. Mtulinga ukavunjika, wiki sita bila kazi. Mke wangu akasema sasa angalau utalala.

Dalili kwamba usingizi haunitoshi nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Sauti inaanzia kidole gumba cha kulia, inapita vidole vyote, kiganja, kiwiko, bega, kwapa, inashuka kiunoni, goti, mpaka kidole kidogo cha mguu, ndipo ihamie kushoto. Mimi sikuwahi kuufikia mkono wa kushoto. Kwapa, giza, halafu nashtukia "fungua macho". Nikamuuliza yule bwana, akanijibu nimefika ngazi za juu. Ngazi gani, nilikuwa nakoroma!

Swami Satyananda, aliyeipanga nidra hii kule Bihar, India, anataka uanze kwa kujiambia hutalala. Kazi ya nidra ni kukuweka ukingoni mwa usingizi: mwili umelegea kama umelala, masikio bado yanafuata sauti. Pale unapumzika kweli, mapigo yanatulia, mabega yanashuka. Ila deni la usingizi halilipwi pale. Linalipwa kwa kulala.

Kwa hiyo lala masaa saba wiki nzima kwanza, ndipo ujilaze mchana ujaribu. Ukizimika kabla ya kufika upande wa kushoto, bado unadaiwa. Zima sauti, vuta shuka, lala, na siku hiyo usishike usukani.

Skani ya mwili, ile aliyoisambaza Mmarekani Jon Kabat-Zinn kutoka hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts tangu 1979, huanzia vidole vya mguu wa kushoto na inakwenda polepole, unakaa kila mahali ukisikiliza joto, mwasho, ganzi. Nidra inaruka haraka, kiungo kinatajwa unahama. Kwa mwenye deni la usingizi huo mwendo wa polepole ndio mbaya zaidi, mimi sikuvuka hata kifundo cha mguu. Lala kwanza, mkuu. Hiyo Jumatatu ahirisha.