Shilingi 40 kwa kilomita itakula matairi yako

*"Nimenunua Probox, naanza kubeba mizigo na abiria hapa Kisumu. Jamaa wa steji ameniambia nitoze 40 kwa kilomita nikifuata ramani ya simu. Iko sawa?"*

Ndugu yangu, achana na hiyo 40 leo hii, kabla hujampa mteja yeyote bei. Mimi niliambiwa namba hiyo hiyo, nikaifuata miezi mitano, na bado naumia nikiikumbuka.

Nilikuwa na mteja wa duka la jumla pale Kibuye, mizigo ya Maseno, mara nne kwa wiki. Ramani inasema kilomita 25. Mara 40, ni 1,000. Nikapiga hesabu ya mafuta: nikiweka lita kwa 180 na gari langu linaenda kilomita 12 kwa lita, kila kilomita ni 15, kwa hiyo 375. Nikaona 625 ni yangu. Nilifurahi kweli.

Lakini kutoka Maseno nilirudi mtupu. Magurudumu hayajui kama umebeba mtu au la. Zile 25 ni 50, na mafuta ni 750. Kisha kuna kuchakaa, ambako hukuoni kwa macho. Matairi manne ya 28,000 yakienda kilomita 40,000, ni senti 70 kila kilomita. Oili na filta, 6,000 kila kilomita 5,000, ni shilingi 1.20. Breki, bushi na shock absorber mimi huweka 2. Jumla ni karibu 4, na kwa kilomita 50 ni 200. Sasa 1,000 toa 950. Nimebaki na 50, na hapo sijahesabu dakika 40 nilizokuwa nikisimama nje ya duka la Maseno wakitafuta mtu wa kushusha mzigo.

Mbona sikugundua mapema? Kwa sababu pesa zilikuwa mfukoni. Nilikuja kushtuka matairi ya mbele yalipoisha wiki ile ile na shock absorber, fundi akataja 46,000, na M-Pesa yangu haina kitu. Ndipo nikaanza kuandika kwenye daftari kilomita za dashibodi, asubuhi na jioni. Wiki moja gari lilitembea kilomita 1,120. Zilizolipiwa ni 520 tu. Nilipokea 20,800, mafuta yakala 16,800, nikabaki na 4,000 nikidhani ni faida. Lakini kuchakaa kwa wiki hiyo kulikuwa 4,480. Ile niliyokuwa nikinunulia unga ilikuwa pesa ya matairi, na hata haikutosha!

Na yule aliyenipa hiyo 40, nilikuja kujua gari analoendesha si lake. Yeye hupeleka hesabu ya siku kwa mwenye gari, na tairi likiisha mwenye gari ndiye hununua. Ananifundisha bei mimi ninayelipa kila kitu, na bila haya! Muulize jamaa yako wa steji swali moja: bushi za mwisho alilipa nani?

Sasa shika hili: hesabu kilomita na dakika tangu unapotoka steji mpaka unaporudi steji. Kilomita zote mara 19, yaani 15 za mafuta na 4 za kuchakaa. Kisha muda. Mimi bima, maegesho ya kaunti, mkopo na riziki yangu vinataka 2,500 kwa siku. Nikikaa barabarani saa kumi, zinazolipiwa ni kama tano, kwa hiyo kila saa ya kazi ni 500. Maseno kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri, ni saa mbili. Kwa hiyo 950 na 1,000, karibu 2,000. Mwenzangu, nilikuwa nikitoza nusu.

Kusubiri kutaje kabla hujawasha gari. Mimi husema dakika kumi za kwanza ni zangu, baada ya hapo 80 kwa kila dakika kumi. Ukikumbuka kuitaja mkishafika, utagombana na mtu bure. Na ukibahatika kupata abiria wa kurudi, pale Kisian au njiani, hiyo ni bahati yako. Usimpunguzie wa kwanza bei kwa abiria ambaye hujampata bado. Punguza tu pale mzigo wa kurudi uko kila mara, na daftari lako linaonyesha hivyo.

Yule wa Kibuye nilimwambia 2,000. Alikasirika, akatafuta mwingine kwa wiki mbili. Kisha akapiga simu, akaomba tubebe mizigo ya siku mbili kwa safari moja, na 2,000 akalipa kabla sijaondoka.